Onyo la Mwisho kwa Mwendesha Mashine ya Kusaga



Vikundi vingi huku Kikima vimeandika kijana wa kuendesha mashine ya kusaga. Sasa tuseme kijana wenu anatoa kifuniko cha mkanda mashine ikizunguka. Ameambiwa mwezi wa tatu kwa mdomo, mwezi wa nne akaandikiwa barua, na mwezi wa tano amerudia. Mkanda ukishika shuka ya mama aliyeleta mahindi, hakuna wakati wa kuzima injini. Kamati ifanye nini?

Kwanza mwiteni, mmuulize sababu. Mara nyingi atasema mkanda unateleza, naye anafungua ili aurekebishe upesi kwa maana foleni ni ndefu. Hapo kosa ni la pande mbili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke kinga kwenye mitambo na kufundisha wafanyakazi, na inamtaka mfanyakazi afuate maagizo ya usalama. Basi nunueni mkanda mpya kwanza. Onyo juu ya mkanda uliochakaa halina nguvu.

Kisha andikeni barua fupi namna hii:

"Tarehe 3 Machi na 9 Aprili ulionywa kwa kutoa kifuniko cha mkanda mashine ikizunguka. Tarehe 14 Mei umerudia. Hili ni onyo la mwisho, nalo litadumu miezi sita. Tarehe 20 Mei utafundishwa tena na fundi, asubuhi nzima, na siku hiyo utalipwa. Hutaendesha mashine kabla ya fundi kukuona ukizima injini, ukingoja isimame kabisa, ukikaza mkanda na kurudisha kifuniko. Ukirudia, utaitwa ujieleze, na unaweza kuachishwa kazi."

Angalieni, barua inataja tarehe na kitendo. Haisemi "wewe ni mkaidi", kwa sababu ukaidi hauwezi kupimwa. Mafunzo nayo yanapimwa kwa vitendo. Kijana akisema tu "nimeelewa", haitoshi.

Msomeeni barua kwa Kikamba kama Kiswahili cha maandishi kinamsumbua. Atie sahihi kwamba ameipokea, hata kama hakubali. Akikataa, shahidi aandike hivyo. Nakala moja achukue yeye, nyingine ikae kwenye faili pamoja na karatasi ya fundi.

Na akirudia je? Msimfukuze pale pale kwa hasira. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na maelezo yake yasikilizwe kabla ya uamuzi. Kamati ikiruka hatua hiyo, kikundi kinaweza kulipishwa fidia, hata kama kosa lilikuwa la kweli.

Wakati huo wote, funguo ya injini ikae kwa mwenyekiti.