Lori Linaporudi Nyuma Uwanjani mwa Ghala: Taarifa ya Ajali na Yale Inayopaswa Kueleza

Wakati wa msimu wa ufuta, na baadaye wa mbaazi na korosho, maghala ya vyama vya msingi katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea hupokea watu na magari kwa wakati mmoja. Wanachama huleta mazao na kupima, huku malori yakiingia kuchukua magunia kuyapeleka ghala kuu. Ajali ya lori linalorudi nyuma hutokea mara nyingi katika mchanganyiko huo. Ikitokea, chama hutakiwa kuandika taarifa, na taarifa nyingi huishia katika sentensi moja: “Dereva alirudi nyuma bila uangalifu akamgonga mwanachama.” Sentensi hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini haimsaidii mtu yeyote kuzuia ajali ya pili. Swali ambalo taarifa haina budi kulijibu ni hili: kwa nini kulikuwa na mtu nyuma ya lori, na kwa nini dereva hakujua?

Chukuliwe mfano, uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya, wa ghala moja katika kata ya Narung'ombe. Uwanja una lango moja tu. Mizani imewekwa upande wa kushoto wa mlango wa ghala, na meza ya karani ipo upande wa kulia, chini ya mwembe, kwa sababu ya kivuli. Lori linaingia kwa kichwa, kisha linageuza na kurudi nyuma hadi mlangoni. Utingo anashuka kumwongoza dereva. Mwanachama mmoja, mama aliyekwisha kupima ufuta wake, anatoka kwenye mizani akiwa na karatasi ya uzito mkononi, anakatiza kuelekea kwa karani, na lori linamgonga na kumvunja mguu.

MAMBO YA KWANZA BAADA YA AJALI

Dereva husimamisha lori mahali pale pale, huzima injini, huvuta breki ya mkono, na vigingi huwekwa kwenye magurudumu. Lori lisisogezwe ila kama linambana majeruhi. Majeruhi asivutwe wala kuinuliwa kwa pupa. Mguu uliovunjika utulizwe kwanza, kisha apelekwe kwenye matibabu, na polisi wapewe habari.

Baada ya hapo, mtu mmoja apewe kazi ya kuhifadhi ushahidi kabla uwanja haujafagiliwa. Mahali pa magurudumu, mahali alipoangukia majeruhi na mahali aliposimama utingo patiwe alama kwa majivu au chokaa, papimwe kwa futi ya utepe, na pachorwe katika mchoro mwepesi unaoonyesha lango, mizani, meza na mlango. Picha za simu zinafaa, lakini hazichukui nafasi ya vipimo. Mashahidi waulizwe mmoja mmoja, kwani wakiulizwa pamoja, maneno ya mmoja huwa maneno ya wote.

MWONGOZAJI

Isitoshe kuandika kwamba “utingo alikuwapo”. Taarifa ieleze alisimama wapi, na kama dereva aliweza kumwona. Katika mfano huu, utingo alianza vema, akisimama pembeni upande wa kulia, ambako dereva alimwona kiooni. Kisha aliona gunia limelala njiani, akaenda kuliondoa. Dereva hakumwona tena, lakini aliendelea, akidhani kimya ni ruhusa. Kutoka hapo hadi mahali pa ajali palipimwa mita 6. Lori lililorudi kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, hupita mita 6 kwa sekunde 4 hivi tu.

Kasoro iliyoonekana ni mbili: mwongozaji alipewa kazi ya pili, na hapakuwa na kanuni ya kwamba dereva asipomwona mwongozaji husimama. Ishara za mkono pia hazikuwa zimepatanwa kabla. Mwongozaji asisimame kamwe moja kwa moja nyuma ya lori, kwa maana hapo yeye ndiye atakayegongwa kwanza.

VIOO

Vioo vikaguliwe siku ile ile, kabla havijafutwa. Katika mfano huu kioo cha kushoto kilifunikwa na vumbi la barabara, na mama yule alitokea kushoto. Hata hivyo, taarifa isidai kwamba kioo safi kingetosha. Vioo vya pembeni huonyesha ubavu wa gari. Bodi ya lori huficha eneo lililo nyuma yake, na eneo hilo, ingawa hupungua upana kadiri mtu anavyokwenda mbali, laweza kufika makumi ya mita. Jambo hili hupimwa kwa urahisi: dereva aketi kwenye usukani, lori likiwa limezimwa, na mtu atembee nyuma yake taratibu; kila anapotoweka kiooni, paweke kijiti. Vijiti hivyo vichorwe kwenye mchoro wa ajali.

KING'ORA

King'ora cha kurudi nyuma kijaribiwe mbele ya mashahidi kabla fundi hajakigusa. Kwa kawaida hupata umeme pamoja na taa za kurudi nyuma. Kwa hiyo, gia ya nyuma ikiingizwa na taa ziwake lakini king'ora kikae kimya, kasoro yaelekea kuwa katika king'ora chenyewe au waya wake. Vyote viwili vikikosa kufanya kazi, fyuzi na swichi ya gia vitazamwe. Kama king'ora kililia, taarifa iulize kama kilisikika: injini ya lori jirani na kelele za wapakiaji hukimeza, na watu wanaokisikia kutwa nzima huacha kukijali. King'ora huonya tu. Hakimwondoi mtu njiani.

MPANGO WA UWANJA

Hapa ndipo penye jibu la swali la kwanza. Mama yule hakupita nyuma ya lori kwa uzembe. Chama chenyewe kiliweka mizani upande mmoja na karani upande mwingine, hivyo kila mwanachama aliyepima alilazimika kukatiza njia ya malori. Meza ikihamishiwa upande wa mizani, sababu ya kukatiza hutoweka. Penye nafasi ya kufungua lango la pili, lori huingia na kutoka bila kurudi nyuma sana. Pasipo nafasi, kamba na nguzo zifunge njia kabla gia ya nyuma haijaingizwa, na upimaji usimame mpaka lori litulie.

KUPELEKA TAARIFA

Taarifa iseme wazi kama majeruhi ni mfanyakazi au la. Akiwa mfanyakazi, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ujulishwe bila kuchelewa, na mwajiri hutakiwa kuuarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi katika siku 7 tangu apate habari. Mwanachama aliyeleta ufuta si mfanyakazi wa chama. Kwake yeye, mwenye lori aijulishe kampuni ya bima ya gari, na chama kitoe nakala ya taarifa na mchoro.

Sentensi ya taarifa ya mfano huu, basi, ingesomeka hivi: “Lori lilirudi nyuma mita 6 bila mwongozaji kuonekana, kioo cha kushoto kikiwa na vumbi na king'ora kikiwa kimya, katika njia ambayo wanachama walilazimika kuikatiza ili kumfikia karani.” Halmashauri ya chama ikiisoma, itajua siku ile ile ni meza ipi ya kuhamisha.