Limau, jua na chupa ya povu: kinachozipata nywele

Katika kitabu cha mavazi alichochapisha Cesare Vecellio mwaka 1590, yumo mwanamke wa Venisi aliyeketi juani, juu ya paa la nyumba. Kichwani amevaa kofia pana isiyo na utosi. Nywele zimepitishwa kwenye tundu hilo na kutandazwa juu ya ukingo, na mkononi ameshika kijiti chenye sifongo cha kuzilowanisha kwa dawa ya kupausha. Ukingo uliukinga uso. Nywele ziliachiwa jua liziunguze.

Siku hizi dawa hiyo hutoka jikoni: limau lililokamuliwa, asali, au ile chupa ya haidrojeni peroksidi ya kuoshea vidonda, inayotoa povu ikigusa damu. Vyote vinalenga kitu kimoja, nacho ni melanini, rangi iliyomo ndani ya unywele, chini ya magamba yanayoufunika. Ili rangi hiyo ififie ni lazima ivunjwevunjwe, na kazi hiyo jua huifanya hata bila msaada. Ndiyo maana anayeshinda baharini huona ncha za nywele zake zikipata wekundu. Limau peke yake halifiki mbali. Huongeza ukali wa tindikali na kuziacha nywele kavu. Asali ikichanganywa na maji huzalisha peroksidi kidogo sana kwa kimeng'enya chake, na asali iliyochemshwa huwa imekipoteza hicho kimeng'enya.

Nywele nyeusi zina melanini za aina mbili. Ile nyeusi huvunjika kwanza, lakini ile yenye wekundu ni sugu. Kwa hiyo anayetarajia rangi ya dhahabu huishia na rangi ya chungwa, kisha hurudia dawa akidhani haijakolea. Hapo ndipo madhara yanapoanza kurundikana.

Peroksidi ya duka la dawa kwa kawaida ni asilimia 3, wakati saluni hutumia asilimia 6 au 9, pengine hata 12. Wengi husikia hivyo wakaona ya nyumbani haina neno. Lakini msusi anayejua kazi huipaka kwa muda maalumu, huichungulia rangi kila baada ya dakika chache, kisha huiosha. Nyumbani hunyunyiziwa, mtu akatoka nayo juani, na kesho akarudia. Tena peroksidi haichagui. Inapovunja melanini huvunja pia viungo vya salfa vinavyoushikilia unywele, na huondoa utando wa mafuta unaoyafanya magamba yateleze. Unywele uliovuliwa utando huo hunywa maji kupita kiasi, huvimba, na hushikana na wenzake kila ukichanwa.

Mtu mwenye nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha yumo hatarini zaidi. Dawa hiyo imekwisha kuvuruga sehemu ya viungo hivyohivyo vya salfa, kwa hiyo peroksidi inakuta nguzo chache zilizobaki. Siku za mwanzo huenda asione kitu zaidi ya ukavu. Baadaye, akiosha nywele, atakuta vipande vifupi vimebaki kwenye kitana. Avitazame vizuri: unywele uliong'oka wenyewe huwa na kijivimbe cheupe kwenye shina, uliokatika hauna. Achukue pia unywele mmoja uliolowa, auvute polepole. Ulio mzima hunyumbuka kidogo na kurudi. Ulioharibika huvutika kama mpira uliochoka, haurudi, kisha hukatika.

Aliyepaka hina naye asikimbilie chupa hiyo. Baadhi ya hina za pakiti huchanganywa na chumvi za madini, na madini hayo yakikutana na peroksidi joto huweza kupanda ghafla kichwani.

Ngozi pia hulipa. Maji ya limau, na zaidi ya ndimu, yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huiunguza ngozi. Tone lililotiririka kwenye paji la uso au shingoni haliwashi papo hapo. Wekundu na malengelenge hujitokeza kesho yake au siku inayofuata, na doa jeusi linaloachwa huweza kudumu miezi.

Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai, hivyo haujitibu. Mafuta na losheni za kulainisha huyalaza magamba na kupunguza msuguano, basi. Sehemu iliyoharibika hukatwa kidogo kidogo huku mashina mapya yakiota kama sentimita 1 kwa mwezi. Nywele za sentimita 15 hudai zaidi ya mwaka mzima. Katika muda huo dawa ya kulainisha isiguse sehemu zilizopaushwa, na kitana kiwe cha meno mapana, kikianzia nchani.