Mrusho wa katikati

Sarafu inarushwa mara tatu. Juma anahesabu vichwa vilivyotokea katika mrusho wa kwanza na wa pili. Asha anahesabu vya mrusho wa pili na wa tatu. Kila mmoja anaweza kupata 0, 1 au 2. Je, hesabu zao zinahusiana? Ni wazi zinahusiana, kwa kuwa mrusho wa katikati ni wa wote wawili. Ila zinahusiana kwa kiasi gani?

Matokeo yote ni manane, nayo yana uwezekano sawa. Yakipangwa kwenye jedwali moja, yanakaa hivi:

| | Asha 0 | Asha 1 | Asha 2 |
|---|---|---|---|
| Juma 0 | 1/8 | 1/8 | 0 |
| Juma 1 | 1/8 | 2/8 | 1/8 |
| Juma 2 | 0 | 1/8 | 1/8 |

Ukijumlisha visanduku vyote unapata 1. Usipoipata, kuna tokeo limesahauliwa au limehesabiwa mara mbili. Zile sifuri za pembeni nazo zina sababu: Juma hawezi kukosa kabisa huku Asha akipata viwili, maana mrusho wa katikati ungelazimika kuwa kichwa na mkia kwa wakati mmoja.

Katika kila kisanduku, zidisha hesabu ya Juma kwa ya Asha, kisha kwa uwezekano wake. Visanduku vyenye sifuri upande wowote vinajifuta vyenyewe. Vilivyobaki vinatoa 2/8, 2/8, 2/8 na 4/8, jumla 1.25. Wastani wa Juma ni 1, na wa Asha ni 1. Zao lao ni 1. Toa 1 katika 1.25, inabaki 0.25. Hiyo ndiyo kovariansi, na kwa kuwa ni chanya, mmoja akizidi wastani wake, mwenzake naye huelekea kuuzidi.

Lakini 0.25 ni kubwa au ndogo? Haisemi. Kila kichwa kikilipwa shilingi 100, kovariansi hiyohiyo inaruka hadi 2,500, ilhali mchezo haujabadilika hata kidogo. Ndiyo maana hugawanywa kwa zao la mikengeuko sanifu ya wachezaji wawili. Variansi ya kila mmoja ni 0.5, hivyo zao la vipeuo vyake vya pili ni 0.5. Gawanya 0.25 kwa 0.5, unapata 0.5: huo ndio uwiano, ambao daima huwa kati ya -1 na 1. Kwa shilingi au bila shilingi, haubadiliki.

Mtego uko kwa Rehema. Yeye anapata pointi 1 mirusho miwili ya Juma ikilingana, na 0 isipolingana. Wastani wake ni 0.5, na wastani wa zao lake na Juma ni 2 mara 1/4, yaani 0.5. Kovariansi: 0.5 kutoa 0.5, sifuri. Hata hivyo, ukijua hesabu ya Juma, ya Rehema unaijua bila kubahatisha! Anayetaka uhakika kwamba hesabu mbili hazitegemeani hana budi kukagua kila kisanduku: je, uwezekano wake ni sawa na zao la jumla ya safu yake na jumla ya mstari wake? Kwa Juma 1 na Rehema 1, zao ni 1/4, na kisanduku kina 0.