Barua ya mwanafunzi anayeomba kazi ya Jumamosi

Mwenye duka la vyakula pale Mwenge huenda akasoma barua yako akiwa amesimama, mteja akisubiri chenji. Anachotaka kujua kwanza ni utakuwepo dukani saa ngapi. Ukianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" kisha ukajaza aya nzima ya kujiita mchapakazi, jibu hilo unamchelewesha nalo.

Tuseme ni mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani, hajawahi kuajiriwa popote. Aanze hivi: "Naomba kazi ya muda ya kuhudumia wateja dukani kwenu. Hadi mwisho wa muhula huu naweza kuingia Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, na Jumamosi kutwa nzima." Maneno "nipo tayari muda wowote" yanavutia, lakini mwenye duka anajua mwanafunzi ana vipindi, kwa hiyo ataona ama hujapiga hesabu, ama unamficha kitu. Unyumbufu uonekane kwa mfano: "Mwenzangu akipata dharura Jumapili, nikiarifiwa Jumamosi jioni nitashika zamu yake."

Kisha aitaje mitihani, jambo ambalo wengi hulikwepa. "Wakati wa mitihani ya mwisho wa muhula sitaweza kuingia siku za katikati ya wiki. Ratiba ikitoka nitawaletea siku hiyohiyo." Duka likijua mapema hupanga mtu mwingine, likishtukizwa, linabaki na kaunta tupu na kijana anapoteza kazi. Kwangu mimi, hakuna sentensi inayoonyesha uaminifu kuliko hii.

Uzoefu nao haupo kwenye ajira peke yake. Likizo nzima alikaa genge la mama yake, basi aandike alichofanya: "Nilikuwa nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nahesabu mauzo jioni na kuandika wanaodaiwa kwenye daftari." Mwenye duka atayatambua mambo hayo papo hapo, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku. Asiongeze kwamba anaijua mashine ya risiti kama hajawahi kuigusa. Ataumbuka zamu ya kwanza. Inatosha kusema yuko tayari kufundishwa.

Mdhamini asiwe mama mwenyewe, maana mzazi atamsifu tu mwanawe. Bora mwenye genge la jirani, aliyemwona akifungua kila asubuhi. Amwombe ruhusa kabla ya kuandika namba yake, amweleze ni kazi gani, asije akapigiwa simu akababaika.

Yote haya yanaenea ukurasa mmoja, pamoja na sahihi na namba ya simu iliyo hewani. Malipo ayaulize ana kwa ana, kabla ya zamu ya kwanza: ni kwa siku au kwa saa, na zamu ya majaribio inalipwa au hailipwi.