Gari limenadiwa, deni limebaki

Probox imeegeshwa katika yadi ya dalali, kati ya lori lisilo na betri na pikipiki tatu zenye vumbi. Kwenye kioo cha mbele imeandikwa namba kwa chaki, na nyuma bado kuna magunia mawili ya vitunguu yaliyokuwa yakipelekwa sokoni siku gari lilipotwaliwa. Mwenyewe analitazama kutoka langoni na kujiambia: basi, wamelichukua, mimi na benki tumemalizana.

Hapo ndipo wakopaji wengi nchini Kenya wanapojikwaa. Gari kutwaliwa hakufuti mkopo. Kinachopunguza deni ni fedha zitakazopatikana gari likiuzwa, tena baada ya gharama kutolewa.

Tuseme mwenye Probox hiyo alikuwa akidaiwa shilingi 820,000. Gari likauzwa mnadani kwa 480,000. Dalali akadai 45,000, kulivuta na kulilaza yadini kukagharimu 20,000, mthamini akalipwa 5,000. Katika zile 480,000 hutolewa 70,000, zikabaki 410,000 za kupunguza mkopo. Mkopaji hana gari tena, na bado anadaiwa 410,000. Lingeuzwa kwa 650,000, gharama zikiwa zilezile, pengo lingekuwa 240,000 tu. Bei ya mnada peke yake imemgharimu 170,000.

Kwa hiyo siku za kushughulika ni zile kabla ya nyundo kugonga. Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia dhamana za mali inayohamishika inamruhusu mkopaji kulikomboa gari kabla halijauzwa, kwa kulipa deni linalodaiwa pamoja na gharama halali za kulitwaa. Kulipa malimbikizo ya miezi michache pekee si haki ya moja kwa moja; benki inaweza kukubali au kukataa. Ikikubali, omba barua. Ahadi ya simu haimzuii dalali.

Asiye na fedha hizo anaweza kutafuta mnunuzi wake mwenyewe. Mwenye Probox akimpata mtu wa kutoa 650,000, aiandikie benki mara moja, ataje jina la mnunuzi, bei na siku ya malipo, na fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Benki ndiyo yenye usemi kuhusu uhamisho, kwa kuwa jina lake huwa pamoja na la mkopaji kwenye kitabu cha gari. Hata ikikataa, barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa ni ushahidi kwamba bei bora ilikuwepo.

Siku hizohizo aende yadini kuchukua mali yake, apige picha za tairi, redio na kipimo cha kilomita, kisha alipe mthamini wake akiweza. Gari lililoingia na tairi mpya likanadiwa na tairi vipara huuzwa kwa hasara ambayo si yake kuibeba.

Baada ya mauzo, aombe hesabu kwa maandishi: salio la siku ya mauzo, ripoti ya uthamini, tangazo la mnada, bei iliyolipwa na risiti za gharama. Benki inatakiwa kuuza kwa nia njema na kwa njia inayokubalika kibiashara. Hata hivyo, bei kuwa chini ya bei ya soko hakutoshi peke yake kuangusha mauzo, maana mnada kwa kawaida huuza kwa bei ya chini. Lalamiko huwa na nguvu pakiwa na kasoro inayoonekana: mnada usiotangazwa, mnunuzi mwenye uhusiano na muuzaji, au ofa ya juu iliyopuuzwa. Ada za dalali zikibishaniwa, hakimu au msajili wa mahakama anaweza kuzikadiria, na mwenendo wake hulalamikiwa kwa Bodi ya Leseni za Madalali.

Salio likishathibitishwa, ni deni kama deni lingine. Benki inaweza kushtaki, na dai lisilozidi shilingi milioni moja huweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Karatasi ya mahakama isitupwe kabatini: ukikaa kimya, hukumu hutolewa bila hoja zako kuhusu bei. Angalia pia riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa chechefu, riba inayodaiwa kuanzia hapo isizidi mtaji uliokuwa ukidaiwa wakati huo.

Lakini benki nyingi huona afadhali kupokea kidogo kuliko kufukuzana na mtu asiye na mali. Mwenye Probox anaweza kupendekeza 250,000 kwa mkupuo, au 410,000 kwa awamu bila riba. Wakikubaliana, barua iseme wazi kwamba malipo hayo yanamaliza deni lote na kwamba taarifa zake za mikopo zitasahihishwa. Bila sentensi hiyo, ile 160,000 iliyosalia inaweza kumrudia kesho mkononi mwa mkusanya madeni.