Siku ya Saa 23 na Siku ya Saa 25

Jijini London, Jumapili ya tarehe 31 Machi 2024 ilikuwa na saa 23, na Jumapili ya tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo ilikuwa na saa 25. Dunia haikuzunguka upesi zaidi siku ile ya kwanza, wala haikusita siku ile ya pili. Kilichobadilika ni saa ya ukutani, ambayo Uingereza huisogeza mbele kila Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Chanzo chake ni jua. London iko mbali na ikweta, kwa hiyo mchana wa Juni hupita saa 16 na ule wa Desemba haufiki saa 8. Kwa saa za kawaida, jua la Juni lingechomoza kabla ya saa kumi alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Saa ikisogezwa mbele, sehemu ya mwanga huo huhamia jioni. Ujerumani ilianza kufanya hivyo tarehe 30 Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata mwezi uliofuata. Dar es Salaam na Nairobi hazina haja hiyo, maana mchana wao haubadiliki sana mwaka mzima. Ndiyo sababu aliye London hutofautiana na jamaa zake wa huko kwa saa tatu wakati wa baridi, lakini kwa saa mbili tu wakati wa kiangazi.

Mabadiliko yenyewe hufanyika usiku wa kuamkia Jumapili. Mwezi Machi, ikifika saa saba usiku (01:00), saa huruka na kuonyesha saa nane (02:00). Dakika zote 60 zilizo kati hazipo siku hiyo: hakuna aliyezaliwa London saa 01:30 tarehe 31 Machi 2024, kwa sababu wakati huo haukuwapo. Mwezi Oktoba, ikifika saa nane usiku (02:00), saa hurudishwa saa saba (01:00), na saa nzima hupita mara ya pili. Saa 01:30 ya usiku huo hutokea mara mbili, na mtu akisema tu “saa saba na nusu” haijulikani anataja ipi.

Makosa huzaliwa pale mtu au kompyuta inapochukulia kwamba kila siku ina saa 24. Mfano mwepesi ni zamu ya muuguzi anayeingia kazini saa nne usiku (22:00) na kutoka saa kumi na mbili asubuhi (06:00). Kwa kutoa saa ya kuingia kutoka saa ya kutoka, jibu ni saa nane. Usiku wa Machi muuguzi huyo amefanya kazi saa saba tu, na usiku wa Oktoba amefanya saa tisa. Daftari la malipo lisilojua hilo humzidishia mara moja na kumpunja mara nyingine.

Kwenye umeme jambo hili huonekana wazi zaidi. Soko la umeme la Uingereza huhesabu matumizi kwa vipindi vya nusu saa. Siku ya kawaida ina vipindi 48, ile ya Machi ina 46, na ile ya Oktoba ina 50. Tuseme ghala la baridi linatumia uniti 10 kila nusu saa, bila kupanda wala kushuka. Siku ya kawaida litatumia uniti 480, siku fupi 460, na siku ndefu 500. Jedwali lililochorwa na safu 48 litakosa mahali pa kuweka vipindi viwili vya Oktoba, na uniti 20 zitapotea kwenye hesabu. Jedwali linalotambua kila kipindi kwa saa yake ya ukutani litakuwa na 01:00 mbili na 01:30 mbili, na huenda kipimo cha pili kikafuta cha kwanza. Hata jumla ikiwa sahihi, mwenye kugawanya 500 kwa 24 atadhani matumizi ya kila saa yamepanda kwa asilimia 4 hivi, ilhali hayajapanda kamwe.

Kazi ambazo kompyuta hupangiwa kufanya usiku nazo huathirika. Programu iliyopangwa kutuma ankara saa 01:30 kwa saa ya London inaweza kuruka kazi hiyo mwezi Machi, kisha ikatuma ankara zilezile mara mbili mwezi Oktoba.

Kosa lingine limejificha katika kuhesabu tarehe. Programu nyingi hupata kesho kwa kuongeza saa 24 kwenye leo. Ukianza usiku wa manane wa kuingia tarehe 27 Oktoba na kuongeza saa 24, unafika saa 23:00 ya tarehe ileile. Kalenda itachapisha tarehe 27 mara mbili. Mwezi Machi hesabu hukosea kwa upande wa pili: kutoka mwanzo wa tarehe 31 hadi mwanzo wa tarehe 1 Aprili ni saa 23, na programu inayogawanya kwa 24 na kutupa sehemu iliyobaki itasema siku zilizopita ni sifuri.

Dawa ni kutenganisha mambo mawili. Tukio lililokwisha kutokea huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, ambayo haisogezwi kwa kiangazi, au kwa saa ya mahali pamoja na tofauti yake na UTC. Hivyo saa saba na nusu mbili za usiku wa Oktoba hazichanganyiki:

```
2024-10-27T01:30+01:00
2024-10-27T01:30+00:00
```

Mstari wa kwanza ni wa saa za kiangazi, wa pili ni wa saa za kawaida, na kati yake imepita saa nzima. Muda wa zamu hupatikana kwa kutoa nyakati za UTC. Tarehe ya kesho, kwa upande wake, hutafutwa kwenye kalenda kwa kuongeza siku moja, si saa 24. Kompyuta hujua siku za mabadiliko kutokana na orodha ya kanuni za maeneo ya dunia, ambamo London huitwa `Europe/London`. Programu ikijaribiwa kwa tarehe za Jumapili hizo mbili, makosa mengi hujitokeza kabla ya kuwadhuru watu.

Miadi ya baadaye, hata hivyo, haifai kuhifadhiwa kwa UTC peke yake, kwa sababu serikali zinaweza kubadili kanuni. Brazil ilifuta saa za kiangazi mwaka 2019. Miadi ya saa sita mchana mjini São Paulo ya Januari 2020, kama ilihifadhiwa mapema kuwa 14:00 UTC, iligeuka kuwa saa tano asubuhi baada ya amri hiyo. Kwa miadi kama hiyo huhifadhiwa saa ya ukutani pamoja na jina la eneo, `America/Sao_Paulo`, na UTC hukokotolewa kwa kanuni zinazotumika siku yenyewe inapofika.