Ukoko, Kiporo na Makombo

Kiswahili kina majina matatu ya chakula kilichopikwa kisifike tumboni mwa mteja. Kilichogandana chini ya sufuria ni ukoko. Kilichobaki sufuriani mpaka kukalala ni kiporo. Kilichorudi kwenye sahani ni makombo. Wazee waliotenga majina hayo walitusaidia kuliko tunavyodhani, kwa sababu kila kimoja kina chanzo chake, na dawa ya kimoja haimponyi mwenzake. Mwenye kibanda anayelia kwamba "chakula kinapotea" bila kujua ni kipi kati ya hivyo vitatu, hajui aanzie wapi.

Haya nimejifunza kwa shangazi yangu, mama lishe wa Buguruni, Dar es Salaam. Anauza wali maharage na mchicha kwa mafundi, wachuuzi na makondakta. Kwa miaka mingi alipika wali wa sahani 70 kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Nilipomuuliza kwa nini 70, alijibu, "Mwanangu, mteja akikuta sufuria tupu, kesho hapiti hapa." Jioni, ndoo moja ilibeba kila kitu kwenda kwa mfugaji wa nguruwe, na hakuna aliyejua ndani yake mna nini.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuweka ndoo mbili badala ya moja. Ya bluu ikawa ya makombo, yaani sahani zote zilikung'utiwa humo kabla ya kuoshwa. Nyeupe ikawa ya kiporo, nayo ilijazwa mara moja tu, wakati wa kufunga. Tulizipima kwa mzani wa jirani muuza mkaa kwa siku sita. Ndoo nyeupe ilikusanya kilo 31 za wali, ya bluu kilo 14. Ukoko haukuzidi sahani moja kwa siku, nao ulipungua alipoanza kuutoa moto chini mapema na kuupalia wali kwa makaa juu ya mfuniko. Basi tatizo kubwa lilikuwa kiporo, likifuatiwa na makombo.

Tuanze na makombo, maana ni mepesi. Makombo huletwa na mkono wa anayepakua. Siku moja nilipima sahani kumi kabla hazijapelekwa mezani, tano za shangazi na tano za msichana anayemsaidia. Wali ulikuwa kati ya gramu 340 na gramu 470. Wote wawili waliapa kwamba wanapakua sawasawa, na hawakuwa wakidanganya. Jicho hupima kwa njaa ya aliyesimama mbele, na upawa uleule hubeba zaidi ukijazwa kwa kilele kuliko ukikwanguliwa.

Tulitafuta bakuli la plastiki ambalo likijazwa na kusawazishwa juu linatoa gramu 350 za wali, kisha linapinduliwa kwenye sahani. Maharage yakawa upawa mmoja, usio na kilele. Lakini fundi aliyebeba injini tangu asubuhi halingani na binti wa dukani, kwa hiyo shangazi aliweka sharti moja: anayetaka kuongezwa aseme, naye ataongezwa upawa wa wali bure. Hofu ilikuwa kwamba wote wataomba. Walioomba walikuwa kama mteja mmoja kati ya sita. Wengine walishiba, na ndoo ya bluu ikashuka kutoka kilo 14 hadi kilo 5 kwa wiki. Kilo moja ya mchele wake hutoa takriban kilo mbili na nusu za wali, kwa hiyo kibanda kiliokoa zaidi ya nusu kilo ya mchele kila siku bila mtu kuondoka na njaa.

Kuna dalili ya kuangalia hapa. Ikiwa makombo ni ya kila kitu kidogokidogo, kipimo ni kikubwa. Ikiwa sahani nyingi zinarudi na kitu kimoja, kwa mfano mchicha, basi shida iko kwenye mapishi na kupunguza kipimo hakutaitibu.

Sasa kiporo. Wengi hufikiri dawa ni kukipasha kesho yake. Kwa wali usiokuwa na jokofu, dawa hiyo ni hatari. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kuacha sumu, na sumu ile haiondoki hata wali ukipashwa mpaka utoe moshi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri mteja kiwekwe kwenye moto unaozidi nyuzi 60 za selsiasi. Mama lishe asiye na jokofu hana namna ya kuuokoa wali wa jana. Uamuzi wake wote uko asubuhi, kabla mchele haujaingia kwenye maji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi alikuwa na daftari la madeni tu. Tuliongeza ukurasa wa sufuria: siku, sahani zilizopikwa, zilizouzwa, saa wali ulipokwisha, na watu walioulizia wakakosa. Safu hizi mbili za mwisho wengi huzisahau, nazo ndizo zenye siri. Daftari likionyesha sahani 50 zimeuzwa Jumanne, huenda waliotaka walikuwa 50, na huenda walikuwa 65 ila wali uliisha saa 7 kamili. Anayeandika mauzo peke yake atapika 50 tena na tena, huku akiamini kwamba hiyo ndiyo riziki yake.

Siku pia hulinganishwa na ya aina yake. Ijumaa watu wa Buguruni hutaka pilau, kwa hiyo tuliitenga. Mwisho wa mwezi tuliutenga. Mwezi wa Ramadhani unahitaji ukurasa wake, kwa kuwa wateja wa mchana hupungua sana. Zilizobaki ni siku za kawaida, Jumatatu hadi Alhamisi. Tulipokusanya kumi, idadi ya sahani zilizotakiwa, tukizipanga kutoka ndogo kwenda kubwa, ilikuwa hivi: 48, 50, 52, 53, 55, 57, 58, 60, 64 na 70.

Sahani 70 zilitakiwa siku moja tu kati ya kumi. Apike ngapi basi? Wengi wangechukua wastani, ambao ni karibu 57. Lakini wastani hauulizi hasara ya kubakiza ni kiasi gani na hasara ya kukosa ni kiasi gani, na hizo mbili hazilingani. Sahani ya shangazi huuzwa shilingi 2,500. Mchele, maharage, mchicha, mafuta na mkaa wake humgharimu 1,500. Kodi ya kibanda na ujira wa msaidizi hatukuviweka, kwa kuwa hulipwa hata asipopika sahani hiyo. Sahani ikiuzwa, anapata 1,000. Ikimwagwa, anapoteza 1,500.

Gawanya 1,500 kwa 2,500, unapata sita ya kumi. Maana yake ni nyepesi: sahani ya mwisho sufuriani inastahili kupikwa ikiwa itauzwa angalau siku sita katika kila kumi. Rudi kwenye orodha. Siku zilizofikia sahani 55 au zaidi ni sita. Zilizofikia 56 au zaidi ni tano. Kwa hiyo mpaka wake ni 55.

Tulipiga hesabu ya siku zile kumi ili shangazi aone kwa macho yake. Kwa kupika 70 kila siku, angeuza sahani 567, angemwaga 133, na faida ingekuwa shilingi 367,500. Kwa kupika 55, angeuza 533, angemwaga 17 tu, na faida ingekuwa 507,500. Alizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole palepale penye uchungu: "Na hawa 34 waliokosa, nimewafukuza?"

Swali lake ni la haki, kwani hesabu ile haijui kwamba mteja aliyekosa leo anaweza kuhamia kibanda cha pili moja kwa moja. Jibu lilitoka jikoni kwake mwenyewe. Wali ukishaiva hauna kesho, lakini unga wa mahindi ukiwa kwenye ndoo kavu una wiki nyingi mbele yake, na ugali huiva upesi maji yakiwa yamechemka. Tukakubaliana: wali sahani 55, na birika la maji liwe jikoni daima. Sahani za wali zilizobaki zikifika kumi kabla ya saa 7 mchana, maji yanahamia sufuria ya ugali. Unga usiposongwa leo, utasongwa kesho.

Maharage nayo yalihitaji akili hiyohiyo. Alikuwa akiyatia tui sufuria nzima asubuhi, na maharage ya nazi huchacha upesi kwenye joto la Dar es Salaam. Siku hizi anayachemsha kwa chumvi tu, kisha anaunga kwa tui sufuria ndogo, na ikipungua anaunga nyingine. Yasiyoungwa yanaendelea kutokota juu ya makaa, na yakibaki ni machache.

Namba 55 si ya kudumu. Siku kumi ni chache, kwa hiyo kila Jumamosi tunaongeza siku mpya na kuondoa za zamani. Bei nayo huisogeza. Mchele ukipanda hata sahani imgharimu 1,800 bila yeye kupandisha bei, sahani ya mwisho italazimika kuuzwa zaidi ya siku saba katika kumi, na kwa orodha ileile atashuka hadi 52, kwa kuwa 53 ilifikiwa siku saba tu. Mama lishe wengi hufanya kinyume: mchele ukipanda, hupunguza wali wa kila sahani huku sufuria ikibaki ileile. Mteja ananung'unika, na kiporo kinabaki palepale, tena cha bei kubwa zaidi.

Wiki iliyopita nilipita pale saa 7 na robo. Sufuria ya wali ilikuwa imelazwa ubavu, shangazi akikwangua ukoko, na fundi mmoja amesimama na sahani mkononi. Zamani uso wake ungeingia haya. Safari hii alichota unga, akainua mwiko, akasema, "Wali umekwisha, baba. Kaa, ugali unasongwa." Kisha akaligeukia daftari, akaandika saa.